Kutangaza Njumu Zilizotumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu anayeuza njumu za mitumba, au zake mwenyewe, kwa mnunuzi ambaye hatazishika mkononi kabla ya kulipa. Mnunuzi wa Karume au Gikomba hugeuza kiatu, akatazama soli, akakikunja na kukinusa. Anayenunua kwa tangazo hana nafasi hiyo, kwa hiyo muuzaji ndiye anayepaswa kumfanyia kazi hiyo na kumwandikia alichokiona. Hapa chini neno njumu lina maana ya kiatu kizima, ambacho wengine hukiita daluga, na neno meno lina maana ya vile vinundu vilivyo chini ya soli.

## Mambo ya msingi

1. Tangazo la njumu lieleze nini hasa?

Lieleze mambo matano: aina ya meno, uwanja ambao meno hayo yanaufaa, saizi, kiasi ambacho meno yamelika, na kama viatu vimesafishwa au la. Bei, rangi na jina la mtengenezaji karibu kila muuzaji huyaandika bila kuambiwa. Yanayosahaulika ni hayo matano, na ndiyo yanayoleta maswali yasiyoisha kabla ya mauzo na ugomvi baada yake.

Mambo hayo yanategemeana. Saizi sahihi haimsaidii mtu aliyeletewa meno ya chuma ilhali timu yake hucheza kwenye nyasi bandia, na aina sahihi ya meno haina maana ikiwa meno yenyewe yamebaki vipande. Ukikosa nafasi ya kueleza yote kwa kirefu, punguza sifa za rangi na jina la mchezaji aliyewahi kuvaa toleo hilo.

2. Nipige picha gani?

Picha muhimu kuliko zote ni ya soli zote mbili zikiwa zimelazwa pamoja, kamera ikiwa juu yake moja kwa moja. Inayofuata ni ya ubavuni: weka kiatu kwenye meza, shusha simu hadi usawa wa meza, upige ili urefu wa meno ya mbele na ya kisigino uonekane. Picha ya juu peke yake hudanganya, kwa sababu jino lililolika hadi nusu huonekana sawa na jipya likitazamwa kutoka juu.

Ongeza picha ya lebo ya saizi, ya ndani ya kiatu, na ya mahali pale ambapo soli inakutana na ngozi kwenye ncha ya vidole. Piga mchana kivulini, bila taa ya simu, kwani mwanga mkali hufuta mikwaruzo. Picha zilizochukuliwa kwenye duka la mtandaoni zisitumike kabisa kwa kiatu kilichotumika.

## Meno na uwanja

3. Boksi halipo. Nitajuaje aina ya meno?

Anza na herufi. Watengenezaji wengi huweka herufi mbili baada ya jina la toleo, na mara nyingi huonekana kwenye lebo ya ndani, kwenye ulimi wa kiatu au chini ya soli. FG ni kiatu cha nyasi za asili zilizo kavu na ardhi imara. SG ni cha nyasi zilizolowa na ardhi laini. AG ni cha nyasi bandia zenye majani marefu. TF ni cha nyasi bandia fupi na viwanja vigumu, na IC au IN ni cha ukumbini, kwenye sakafu. MG ni kiatu kilichokusudiwa kuvumilia zaidi ya aina moja ya uwanja.

Herufi zikiwa zimefutika, soli yenyewe inasema. Meno machache marefu ya plastiki ngumu, yaliyomiminwa pamoja na soli, ni FG. Meno ya chuma yanayofunguliwa kwa ufunguo, kwa kawaida sita, manne mbele na mawili nyuma, ni SG. Matoleo mengine huchanganya meno ya chuma na ya plastiki kwenye soli moja. Meno mengi mafupi, mara nyingi ya mviringo na yenye tundu katikati, ni AG. Vinundu vidogo vingi vya mpira vilivyosambaa soli nzima ni TF, na soli bapa ya mpira isiyo na meno ni ya ukumbini.

Ukiwa bado na shaka kati ya FG na AG, usikisie. Andika unachokiona, kwa mfano “meno 12 ya plastiki, ya mviringo, hayafunguki”, na uache picha ya soli imalizie.

4. Wanunuzi wangu huchezea udongo mgumu na changarawe. Niwaandikie uwanja gani?

Herufi za watengenezaji zilipangwa kwa kufikiria nyasi, za asili au za bandia. Viwanja vingi vya mitaa yetu havina nyasi: ni udongo mwekundu uliokandamizwa, changarawe, au mchanga ulioshikana. Kwa hiyo kunakili herufi za kwenye lebo hakutoshi, na muuzaji anayewajua wateja wake aongeze sentensi moja ya kwake.

Kwa udongo mgumu, TF ndiyo salama zaidi, kwa sababu vinundu vyake vingi hugawa uzito wa mwili kwenye unyayo mzima. AG nayo hufaa kwa sababu hiyo hiyo. FG huchezewa sana kwenye viwanja hivi, na si uongo kusema inawezekana, lakini meno yake hayazami ardhini, hivyo mchezaji husimama juu ya ncha chache na kuhisi kila jino likimchoma unyayoni. Changarawe pia hula plastiki haraka kuliko nyasi. SG isiandikwe kabisa kuwa inafaa hapo: chuma huteleza juu ya ardhi ngumu, na kisigino hubaki kinaning’inia.

Maneno yanayofaa ni kama haya: “FG, imetengenezwa kwa nyasi za asili. Inachezeka kwenye udongo ulioloa kidogo. Kwenye changarawe meno yatalika mapema.” Mnunuzi akisoma hivyo ataamua mwenyewe, na hatakuja kukulaumu mwezi ujao.

5. Njumu za FG zinafaa nyasi bandia?

Zinaingia uwanjani, lakini hazikutengenezwa kwa ajili yake. Nyasi bandia hushika meno marefu kwa nguvu, na mchezaji anapogeuka, mguu unaweza kubaki umenasa huku goti likiendelea kuzunguka. Zaidi ya hapo, msuguano na joto la nyasi hizo hula meno na kuchosha gundi ya soli, na baadhi ya watengenezaji hawakubali malalamiko ya kiatu cha FG kilichoharibikia hapo.

Swali hili limeongezeka kadiri viwanja vya nyasi bandia vinavyoongezeka. Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza viliwekewa nyasi hizo, na viwanja vidogo vya kukodi kwa saa mijini karibu vyote ni vya aina hiyo. Ikiwa njumu za FG unazouza zilichezewa kwenye nyasi bandia, liandike hilo, kwa kuwa linaeleza ni kwa nini meno yamechoka wakati ngozi ya juu bado inang’aa. Kuhusu meno ya chuma, viwanja vingi vya nyasi bandia huyakataza mlangoni, kwa hiyo tangazo la SG liseme wazi kwamba si za nyasi bandia.

6. Je, nitaje umbo la meno?

Ndiyo, kwa neno moja: mviringo au bapa. Meno bapa hushika vizuri mchezaji anapokimbia moja kwa moja, na ya mviringo huachia ardhi kwa urahisi zaidi anapogeuka. Wachezaji waliowahi kuumia goti huliuliza hili kwanza.

7. Ninauza SG. Kuna la kuongeza?

Jaribu kufungua kila jino kabla ya kutangaza. Jino la chuma lililokaa na unyevu hushikwa na kutu ndani ya uzi wake na halifunguki tena, na likilika hapo, mnunuzi hana namna ya kulibadilisha. Andika mangapi yanafunguka, na kama ufunguo upo. Ukiwa umefungua, tazama uzi ulio ndani ya soli: ukiwa umesagika, jino jipya litakaza nusu tu na kudondoka katikati ya mchezo.

Pitisha kitambaa chepesi juu ya ncha za meno. Kikinasa, kuna ukingo mkali uliotokana na kutembea kwenye lami au saruji. Sheria ya 4 ya mchezo inakataza vifaa vya hatari kwa wachezaji, na mwamuzi anayekagua viatu ana haki ya kumtoa mchezaji akavibadilishe. Meno ya namna hiyo yauzwe kama yanayohitaji kubadilishwa.

## Saizi

8. Lebo ina namba nne tofauti. Niandike ipi?

Andika zote kama zilivyo, na utangulize ile ya sentimita. Namba za Uingereza, Marekani na Ulaya hazilingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Chukua UK 8.5: kwa Nike ni EU 43 na sentimita 27.5, ilhali kwa Adidas ni EU 42 2/3 na sentimita 27. Mtu aliyezoea Nike akisoma “namba 8 na nusu” tu kwenye tangazo la Adidas, ataletewa kiatu kifupi kwa nusu sentimita, na kwenye njumu nusu sentimita ni kucha ya kidole gumba.

Kwenye lebo za Nike namba ya sentimita hufuata alama CM. Adidas huiweka karibu na alama JP, kwa milimita, mfano 270. Huo ni urefu wa mguu unaokusudiwa kuvaa kiatu, si urefu wa kiatu.

9. Lebo imefutika. Nipime nini?

Toa soli ya ndani, inyooshe juu ya meza na uipime kutoka kisigino hadi ncha. Kisha andika hivyo hivyo: “soli ya ndani ni sentimita 27.8”. Usiigeuze kuwa namba ya kiatu, kwa kuwa soli ya ndani huwa ndefu kidogo kuliko mguu unaoingia, na kiasi hicho hutofautiana kwa kila toleo. Ikiwa soli ya ndani imegundishwa na haitoki, sema kwamba saizi ni ya kukadiria. Urefu wa nje wa kiatu, ambao wengi huupima kwa sababu ni rahisi, haumwambii mnunuzi chochote.

10. Mnunuzi hajui mguu wake una sentimita ngapi.

Mwambie asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, jioni, akiwa amevaa soksi za mpira. Aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi na apime miguu yote miwili, kisha atumie kipimo kikubwa.

## Kulika kwa meno

11. “Zimetumika kidogo” haitoshi?

Haitoshi, kwa kuwa kidogo cha beki anayecheza kila jioni si kidogo cha mtu anayecheza sikukuu. Pima kwa milimita. Kuna mtego mdogo hapa: rula nyingi za plastiki hazianzi sifuri kwenye ukingo, bali zina nafasi ya milimita kadhaa kabla ya mstari wa kwanza, hivyo ukiisimamisha kwenye soli utapata jino fupi kuliko lilivyo. Njia rahisi ni kusimamisha kipande cha karatasi ngumu kando ya jino, kikigusa soli, ukaweka alama ya kalamu usawa wa ncha, kisha ukaipima alama hiyo kwenye rula.

Kwa kuwa urefu wa meno mapya hutofautiana kati ya matoleo, kipimo cha kulinganisha kitoke kwenye kiatu hicho hicho. Chukulia jozi ya FG. Kisigino cha kulia kina jino la ndani la milimita 12, ambalo bado lina kingo zake za kiwandani, na jino la nje la milimita 9. Kisigino cha kushoto kina 12 na 10. Meno ya mbele yana 10 yote, isipokuwa mawili ya chini ya kidole gumba yenye 9. Jozi hii inaandikwa hivi: “Jino lililolika zaidi, kisigino cha kulia upande wa nje, limebaki milimita 9 kati ya 12. Mengine yamepungua milimita 1 hadi 2 au hayajapungua.” Sentensi mbili hizo zinamweleza mnunuzi kuliko asilimia yoyote unayoweza kubuni. Asilimia, kwa maoni yangu, ziachwe kabisa. Hakuna anayejua “asilimia 80” ni ya nini.

12. Meno yamelika upande mmoja tu. Ni kasoro?

Ukingo wa nje wa kisigino hulika kwanza kwa watu wengi, kwa sababu ndipo mguu unapotua wakati wa kutembea, na njumu nyingi huharibikia njiani kutoka nyumbani hadi uwanjani kuliko uwanjani kwenyewe. Tofauti ya milimita moja au mbili ni ya kawaida na inatosha kuitaja. Ikifika nusu ya jino, kiatu kinalala upande, na anayekivaa atalazimika kukanyaga kama aliyemtangulia. Kiandikwe kuwa kimepinda.

13. Wakati gani njumu zisiuzwe kama za kuchezea?

Soli ikiwa imepasuka. Shika ncha na kisigino, ukunje kiatu taratibu, utazame mstari ulio nyuma ya meno ya mbele, mahali soli inapokunjikia. Ufa mwembamba hapo hufumba kiatu kikinyooka na hauwezi kuonekana kwenye picha, lakini utakatika ndani ya mechi chache, na hakuna gundi inayoushika kwa muda. Vivyo hivyo kwa jino la kumiminwa lililong’oka lote, kwa sababu haliwekwi jingine. Ziuze kwa fundi anayetaka vipande, kwa bei ya vipande.

14. Fundi ameshona soli pembeni. Nifiche?

Usifiche, na usione aibu. Mshono mzuri unaozunguka soli huzuia kubanduka kuliko gundi ya kiwandani iliyochoka, na wanunuzi wengi huutafuta. Sema tu kwamba umeshonwa, ni kiatu kizima au ncha peke yake, na upige picha ya karibu. Taja pia kwamba maji yanaweza kupenya kwenye matundu ya sindano. Ikiwa kilitiwa gundi tu, andika gundi, kwani hilo ndilo linaloweza kuachia tena.

## Usafi

15. Nisafishe kabla ya kupiga picha au niache zilivyo?

Safisha. Tope kavu kati ya meno huficha urefu wake na huficha ufa uliotajwa katika swali la 13, na mnunuzi mzoefu akiona soli yenye tope hudhani unaficha kitu. Kama huna muda, andika wazi kuwa hazijaoshwa, na angalau ziguse kwa brashi kavu upande wa soli.

16. Nieleze vipi kiwango cha usafi?

Neno “safi” halisemi kitu. Sema kilichofanyika: hazijaoshwa, zimepigwa brashi kavu tu, zimeoshwa nje, au zimeoshwa nje na ndani, soli ya ndani na kamba zikiwa zimetolewa. Ongeza siku zilipooshwa. Kiatu kilichooshwa jana na kufungwa leo kwenye mfuko wa plastiki kitafika kikiwa na ukungu, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kujua kimekauka siku ngapi.

17. Nisafishe kwa njia gani isiyoharibu?

Gonganisha soli tope lidondoke, kisha chokoa kati ya meno kwa kijiti cha mti, si kisu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya meno, ukitoa kamba na soli ya ndani na kuziosha kando. Usiloweke kwenye ndoo, kwa sababu maji yanayokaa hulegeza gundi. Dawa ya kung’arisha nguo nyeupe isitumike, kwani hudhoofisha nyuzi na kuacha rangi ya njano.

Jaza karatasi za gazeti ndani, zibadilishe zikilowa, na uanike kivulini penye upepo. Jua kali la saa saba ndilo linalobandua soli nyingi za mitumba zilizofika zikiwa nzima. Ngozi halisi ipakwe mafuta ya ngozi kidogo baada ya kukauka, la sivyo hukakamaa na kupasuka pale inapokunjika.

18. Vipi kuhusu harufu na fangasi?

Harufu haionekani kwenye picha, hivyo itaje ikiwa ipo. Fangasi wa miguu wanaweza kubaki ndani ya kiatu hata kikikauka, na kwa sababu hiyo ni heshima kwa mnunuzi kuweka soli mpya ya ndani na kuandika kwamba ni mpya. Ukiacha ya zamani, sema kama ilioshwa. Manukato ya kupulizia yasihesabiwe kuwa usafi.

19. Udongo mwekundu umeacha madoa yasiyotoka.

Madoa si uchafu. Andika “zimeoshwa, madoa ya udongo yamebaki kwenye kushona” na uonyeshe picha. Kupaka rangi ili kuyaficha huonekana mara mpira wa kwanza unapogusa kiatu.

## Hali zisizo za kawaida

20. Kulia ni EU 42, kushoto ni EU 42.5.

Hutokea kwenye mitumba, viatu vinapopotezana kwenye robota. Tangaza saizi mbili, katika kichwa cha tangazo kabisa, si mwishoni. Yuko mtu ambaye miguu yake haifanani na atafurahi.

21. Njumu zilikaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa. Niziite mpya?

Ziite hazijavaliwa, na utaje zilikaa stoo. Meno yatakuwa kamili, lakini gundi huzeeka hata bila kutumika, na soli zenye tabaka laini katikati, hasa za TF na za ukumbini, zinaweza kumomonyoka siku ya kwanza. Zikunje kama ilivyoelezwa katika swali la 13, ubonyeze ukingo wa soli kwa kidole gumba, kisha uandike ulichokiona.

22. Nionyeshe tangazo moja lililokamilika.

Hili linatumia jozi ya swali la 11:

“Njumu za Adidas, FG, meno ya plastiki ya mviringo, hayafunguki. Ni za nyasi za asili kavu. Zinachezeka kwenye udongo ulioloa kidogo, si za nyasi bandia. Sentimita 27 (lebo: UK 8.5, US 9, EU 42 2/3). Jino lililolika zaidi ni la kisigino cha kulia upande wa nje, limebaki milimita 9 kati ya 12. Mengine yamepungua milimita 1 hadi 2 au hayajapungua. Soli haina ufa, imeshonwa na fundi kwenye ncha. Zimeoshwa nje na ndani Jumamosi, zimekauka siku nne, soli ya ndani ni mpya. Doa jekundu kwenye ulimi wa kushoto. Picha ya soli na ya ubavuni zipo.”

23. Nimezichezea tena baada ya kutangaza. Nibadilishe tangazo?

Badilisha vipimo vya meno na maelezo ya usafi, na upige upya picha ya soli. Kama mnunuzi alikwisha kukubali bei, mpelekee picha mpya kabla hajatuma pesa.